Visima vya Kongwa vimehamia Hispania: CSV yenye latitudo na longitudo zilizogeuzwa, na mikato badala ya nukta

KisimaKirefu (Jumatatu, saa 3:10 asubuhi)

Wakuu, habari za asubuhi. Nina faili la CSV la visima 386 vya wilaya tatu za Dodoma: Chamwino, Kongwa na Bahi. Kila wilaya ilikuwa na mkusanyaji wake, mimi kazi yangu ni kuunganisha na kutoa ramani. Nimelifungua QGIS na mambo ni haya: visima karibu vyote 241 vya Chamwino vimekaa mahali pake. Vya Kongwa vyote 97 vimetua kusini mwa Hispania, pembeni ya mji wa Cadiz, vingine majini kabisa. Vya Bahi 48 sivioni popote. Halafu nikibonyeza `Zoom to Layer` visima vyote vinajikusanya kuwa kitone kimoja katikati ya weupe.

Mistari michache ya mfano:

```
id;wilaya;lat;lon
CH-102;Chamwino;-6.1049;35.8622
KG-014;Kongwa;36.4187;-6.2031
BH-007;Bahi;-5,9531;35,3120
BH-031;Bahi;-5962;35318
```

Ramani inatakiwa Ijumaa. Nianzie wapi?

Kipanga_wa_Jedwali (saa 3:25)

Mkuu, hiyo ni kazi ya dakika mbili. Kwenye QGIS badilisha tu, X weka lat na Y weka lon. Kisha fungua faili kwa Excel, Ctrl+H, mkato uwe nukta, hifadhi. Umemaliza, kanywe chai.

KisimaKirefu (saa 3:48)

Nimebadilisha X na Y. Kongwa wamerudi nyumbani, lakini sasa Chamwino wote wamekwenda baharini, nje kidogo ya Tangier, Moroko. Chai imepoa.

BiRamani (saa 4:05)

Kaka Kisima, acha kwanza, na tafadhali usihifadhi chochote kutoka Excel juu ya lile faili la asili. Weka nakala pembeni, uitie jina lenye tarehe, usiiguse tena.

Kipanga amekosea kidogo tu. Ushauri wake ungefaa kama faili zima lingekuwa limegeuzwa. Lako ni mafaili matatu yaliyoshonwa pamoja, na kila moja lina ugonjwa wake. Dawa ya kolamu nzima itaponya wilaya moja na kuiua nyingine, kama ulivyoona.

Jambo la kukusaidia ni kwamba mahali kisima kinapoangukia panakwambia kosa lenyewe. Tanzania iko kati ya latitudo -1 hivi na -12, na longitudo 29 hadi 41. Hakuna namba inayoweza kuwa latitudo yetu na pia longitudo yetu. Kwa hiyo:

Kisima cha Dodoma kikionekana Hispania, Moroko au bahari iliyo katikati yao, namba zimegeuzwa na alama ya kutoa ipo. Kikionekana kusini magharibi mwa Ethiopia, hakijageuzwa ila alama ya kutoa imedondoka. Kikionekana Algeria, upande wa Batna, yametokea yote mawili. Na kikionekana kwenye Ghuba ya Guinea, pale 0,0, basi seli ilikuwa tupu na mtu au programu imeijaza sifuri; hicho hakitengenezeki, hakikupimwa.

Wako wa Kongwa ni kundi la kwanza. Hebu muulize aliyekusanya alizipata wapi zile namba. Nina shaka alizinakili kutoka KML.

KisimaKirefu (saa 4:31)

Dada umejuaje? Amesema alihifadhi pointi kwenye simu, akatoa KML, akaifungua kama maandishi na kunakili. Aliona namba mbili zimetenganishwa kwa mkato, akadhani ya kwanza ni latitudo kama kwenye Google Maps.

BiRamani (saa 4:40)

Ndiyo mtego wenyewe. Ukibandika namba Google Maps, ya kwanza ni latitudo. KML, GeoJSON na WKT zote huanza na longitudo, kwa sababu zinafuata X kisha Y. Kila upande una sababu zake, na sisi ndio tunaookota visima Cadiz.

Mpima_Mstaafu (saa 5:02)

Vijana, mnazunguka. Tazameni mstari wa nne: 35318 na -5962. Hizo si digrii, hizo ni mita. Ni UTM, Arc 1960, kanda ya 36 kusini. Badilisha mfumo wa kuratibu na visima vitakaa sawa. Tumepima hivyo miaka yote.

BiRamani (saa 5:15)

Shikamoo mzee. Kanda umeipatia, Bahi iko 36 kusini. Lakini kwa UTM, kisima cha Bahi kingesomeka kama 757000 kwa mashariki na 9341000 kwa kaskazini: tarakimu sita na saba. Hapa tuna tano na nne, na moja ina alama ya kutoa. Kusini mwa ikweta UTM huongezewa milioni kumi ili kusiwe na hasi, wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Mpima_Mstaafu (saa 5:29)

Marahaba binti. Kweli, nimesoma haraka. Lakini waulizeni vifaa vyao viliwekwa kwenye mfumo gani. Kikiwa Arc 1960 na ninyi mkasoma WGS84, kisima kinasogea kama mita 300, na hakuna atakayeshtuka kwa sababu bado kiko kijiji kilekile. La Cadiz hata mtoto analiona.

KisimaKirefu (saa 5:36)

Marahaba kwa niaba yangu pia mzee, na shikamoo 😅. Nimeuliza, wote wametumia simu, WGS84. Sasa hizo za Bahi ni nini?

BiRamani (saa 6:10 mchana)

Bahi kuna mambo mawili, tusiyachanganye.

La kwanza ni mikato. Kompyuta iliyotumika imewekwa mpangilio wa nchi inayoandika desimali kwa mkato, Kijerumani hivi. Excel ya mpangilio huo huandika 35,3120, na kwa kuwa mkato umeshatumika ndani ya namba, kolamu zinatenganishwa kwa nukta-mkato. Ndiyo maana faili lako lina `;`. Hizo hazina madhara. Ni namba nzima, zimevaa nguo nyingine. QGIS haikuzionyesha kwa sababu iliziona ni maneno. Kwenye dirisha la `Delimited Text` kuna kisanduku `Decimal separator is comma`. Ukikitia tiki zinatokea.

La pili ndilo baya. Kwenye mpangilio huohuo nukta ni ya kutenganisha maelfu. Mtu akibandika `-5.962`, Excel inasoma elfu tano mia tisa sitini na mbili, hasi. Ikihifadhi CSV bila alama ya maelfu inaandika -5962 na nukta imepotea moja kwa moja. QGIS nayo inatii, inakwenda kuchora kisima kwenye latitudo -5962. Ndiyo maana `Zoom to Layer` inakuonyesha weupe: inajaribu kuingiza Dodoma na huko kuzimu kwenye skrini moja.

Iko mingapi kama ule mstari wa nne?

KisimaKirefu (saa 6:34)

Tisa. Mikato ni 39, hizi 9, jumla 48 ya Bahi. Dada wa Bahi anasema hizi tisa alitumiwa na mwenzake kwa WhatsApp, zimeandikwa kwa nukta na desimali tatu, akazibandika kwenye jedwali lake. Nyingine aliziandika mwenyewe kwa mkato kwa sababu nukta ilikuwa inamletea mambo ya ajabu.

BiRamani (saa 6:50)

Basi habari imekaa vizuri. Bado ana ule ujumbe wa WhatsApp? Huo ndio chanzo, chukua namba kutoka huko, tisa si nyingi. Kama umefutwa, kwa Dodoma inawezekana kurudisha nukta: longitudo ya Tanzania siku zote ina tarakimu mbili mbele, na latitudo ya Bahi ni 5 au 6, tarakimu moja. -5962 ni -5.962, na 35318 ni 35.318.

Usifikiri ujanja huo ni wa kila mahali. Ukikuta -10872 huwezi kujua kwa namba peke yake kama ni -1.0872, Kagera mpakani na Uganda, au -10.872, kule Masasi. Ni lazima kolamu ya wilaya ikuamulie.

Kitu kingine. Desimali tatu za digrii ni hatua ya mita 110 hivi. Hata ukirudisha nukta sawasawa, kila kisima kati ya hivyo tisa kinaweza kuwa mita hamsini na kitu kutoka kilipo kweli, kwenda kaskazini au kusini. Kwa ramani ya mkoa sawa. Kwa fundi anayetafuta pampu kwenye nyasi ndefu, si sawa. Viwekee alama.

KisimaKirefu (saa 7:20)

Ujumbe upo, ametuma picha ya skrini. Nimezirudisha zote tisa. Sasa Kongwa 97 na mikato 39. Nichuje kwa wilaya nigeuze kwa mkono kwenye Excel?

BiRamani (saa 7:45)

Unaweza, ila ukichuja Excel na kubandika, safari moja tu ya kubandika juu ya mistari iliyofichwa na umechanganya visima vya watu. Kama una Python, soma kila kitu kama maneno kwanza, usiiache programu ikisie:

```python
import pandas as pd

d = pd.read_csv("visima.csv", sep=";", dtype=str)
for k in ["lat", "lon"]:
    s = d[k].str.strip().str.replace(",", ".", regex=False)
    d[k + "_safi"] = pd.to_numeric(s, errors="coerce")

g = d["lat_safi"].between(29, 41) & d["lon_safi"].between(-12, -0.9)
d["imegeuzwa"] = g
```

Kolamu za asili zinabaki, mpya zinaitwa `_safi`. Kabla ya kugeuza, hesabu: `g.sum()` inatakiwa ikupe 97. Ikikupa 96 au 98, simama. Hesabu pia `d["lat_safi"].isna().sum()`, iwe sifuri. Kisha geuza `lat_safi` na `lon_safi` kwa mistari ya `g` tu.

Kipanga_wa_Jedwali (saa 7:52)

Si ungetumia tu `decimal=","` kwenye `read_csv`? Inabadilisha yenyewe, mistari yote hiyo ya nini.

BiRamani (saa 8:01)

Kwa faili la Bahi peke yake, ndiyo, ni nzuri kabisa. Kwenye hili kolamu moja ina -6.1049 na -5,9531 kwa pamoja. Ukiiambia desimali ni mkato, zile za nukta ndizo zinageuka maneno, na kolamu nzima inabaki maneno. Umehamisha tatizo kutoka Bahi kwenda Chamwino.

KisimaKirefu (saa 8:40)

`g.sum()` imetoa 97, barabara. Lakini `isna` imetoa 3. Na pia nimegeuza hivi, haikulalamika, ila Kongwa bado wako Cadiz:

```python
d.loc[g, ["lat_safi", "lon_safi"]] = d.loc[g, ["lon_safi", "lat_safi"]]
```

mwanafunzi_wa_ardhi (saa 8:47)

Hili liliniliza wiki nzima kwenye mradi wangu wa chuo. pandas inalinganisha majina ya kolamu kabla ya kuweka. Unampa lon na lat, yeye anatazama majina, anarudisha lat kwenye lat na lon kwenye lon. Anakwambia asante na hajafanya kitu. Ongeza `.values` mwishoni, majina yanavuliwa zinabaki namba tupu:

```python
d.loc[g, ["lat_safi", "lon_safi"]] = d.loc[g, ["lon_safi", "lat_safi"]].values
```

Iendeshe mara moja tu lakini! Ukibonyeza mara mbili bila kuhesabu `g` upya, zinarudi Hispania.

KisimaKirefu (saa 9:05 alasiri)

Wamerudi! Asante sana mdogo wangu. Na zile 3 nimeziona: zinaonekana kawaida kabisa, `−6.0718`. Nimezitazama hadi macho yameuma, sioni tofauti.

BiRamani (saa 9:14)

Tazama urefu wa hicho kistari ukilinganisha na cha mstari mwingine. Hiyo ni alama ya kutoa ya vitabu vya hesabu, si ile ya kibodi. Huja na namba zilizonakiliwa kutoka PDF au ukurasa wa mtandao. Kwa kompyuta ni herufi nyingine tu. Badilisha `"\u2212"` iwe `"-"` kabla ya `to_numeric`.

Ndugu_wa_Goma (saa 10:20 jioni)

Jambo ndugu zangu, niko Goma. Hapa Excel zetu karibu zote ni za Kifaransa, mikato ndiyo maisha. Mimi yangu ni mbaya zaidi: kuna mtu alitoa CSV ambayo mkato ni desimali na mkato huohuo ndio unatenganisha kolamu, bila alama za kunukuu. Kichwa kina kolamu tatu, mistari mingi ina tano:

```
id,lat,lon
MT-3,-1,6721,29,2204
MT-9,-1,29,2204
```

Faili la asili lilikwenda na kompyuta iliyoibwa. Kuna dawa?

BiRamani (saa 10:52)

Pole sana kaka. Yenye vipande vitano inaponeka, unaunganisha cha pili na cha tatu, cha nne na cha tano:

```
sed -E 's/,(-?[0-9]+),([0-9]+),(-?[0-9]+),([0-9]+)$/;\1.\2;\3.\4/' goma.csv
```

Inatoa `MT-3;-1.6721;29.2204`. Kichwa kibadilishe kwa mkono. Kama haibadilishi mstari hata mmoja, faili limetoka Windows na kuna herufi iliyojificha mwisho wa kila mstari. Ondoa kwanza kwa `tr -d '\r'`.

Mstari usiolingana haubadiliki, unabaki na mikato yake, kwa hiyo utauona. MT-9 ni wa namna hiyo: vipande vitatu baada ya jina, namba moja ilikuwa nzima isiyo na desimali. Hapo unatumia akili. 2204 haiwezi kuwa digrii, basi ni mkia wa 29, na latitudo ni -1 kamili. Lakini ukikutana na `-1,29,30`, ni -1.29 na 30, au -1 na 29.30? Zote mbili zinawezekana. Huo mstari si wako tena, ni wa aliyekwenda uwanjani.

Ndugu_wa_Goma (saa 11:30)

Aksanti sana dada. Imefanya kazi, kati ya 210 imebaki 6. Lakini kuna kingine: kituo kimoja cha Goma kimeonekana Ituri, upande wa Mambasa. Bado ni Kongo, kwa hiyo kipimo chako cha nchi kinakipitisha.

BiRamani (saa 11:41)

Alama ya kutoa imedondoka: 1.67 badala ya -1.67. Hapo ndipo ninyi mna shida kuliko sisi. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, latitudo chanya ni kosa bila mjadala. Kongo, Uganda na Kenya ikweta inapita katikati, namba chanya na hasi zote ni halali. Kwenu kipimo cha nchi hakitoshi, linganisha na mkoa au teritori iliyoandikwa kwenye faili.

Msafiri_Abuja (saa 2:15 usiku)

Naingilia kati. Niko Nigeria kikazi na nimesoma ule ujanja wa «namba haiwezi kuwa zote mbili» nikacheka kwa uchungu. Huku latitudo ni 4 hadi 14 na longitudo ni 3 hadi 15 hivi. Abuja ni 9.06 na 7.49, ukigeuza unapata 7.49 na 9.06, ambayo ni jimbo la Benue. Ramani inaonekana safi kabisa. Nina shule 1,100, sijui zipi zimegeuzwa.

BiRamani (saa 2:40)

Hiyo ni ngumu kweli. Una kolamu ya jimbo? Kila shule ichore mara mbili, ilivyo na ikiwa imegeuzwa, uone ipi inaangukia jimbo lililoandikwa. Ikiwa zote mbili zimo jimbo hilohilo, shuka ngazi ya serikali ya mtaa.

Msafiri_Abuja (saa 2:58)

Jimbo ipo, ngazi ya chini haipo. Nimejaribu haraka: nyingi zimeamuliwa, 43 zinakubali pande zote mbili.

mwanafunzi_wa_ardhi (saa 3:06)

Angalia nani alizikusanya. Kama Kongwa hapo juu, mtu aliyegeuza moja kwa kawaida amegeuza zote za siku ile.

Msafiri_Abuja (saa 3:10)

Kolamu ya mkusanyaji ilifutwa «kwa ajili ya usiri». Nitawapigia simu wakuu wa shule.

KisimaKirefu (Jumatano, saa 4:00 asubuhi)

Mrejesho wakuu. Baada ya kusafisha nimetumia `Join attributes by location` na tabaka la mipaka ya wilaya, nikalinganisha wilaya ya ramani na wilaya iliyoandikwa. Kati ya 386, zimekubaliana 379. Saba zilizobaki: nne zina namba zilezile hadi desimali ya mwisho, na ziko juu ya paa la ofisi ya kata ya wilaya jirani. Dada wa Bahi amekiri kwamba mvua ilinyesha, akazirekodi akiwa ofisini. Anarudi kesho.

Mbili ziko mita chache ng'ambo ya mstari kati ya Chamwino na Bahi, hizo naziacha. Ya saba ni kisima kilichoandikwa Kongwa lakini ramani inakiweka Kiteto, Manyara, kilomita mbili ndani. Namba zake hazina kasoro yoyote. Mkusanyaji anaapa alisimama pale na mwenyekiti wa kijiji akamwambia ni Kongwa.

Mpima_Mstaafu (saa 4:22)

Tabaka lako la mipaka ni la mwaka gani?

KisimaKirefu (saa 4:25)

Mzee, faili halisemi.

Mpima_Mstaafu (saa 4:31)

Basi usikisogeze kisima.